Hati saba, bei tatu: namna ya kuipata bei ya mkataba baada ya mabadiliko

*Shikamoo mama. Nimepokea faili la mradi wa bweni lenye hati saba za mabadiliko: VO 01 hadi VO 06, pamoja na VO 03 Rev 1. Bei ya mkataba ni 1,180,000,000 pamoja na VAT. Nikijumlisha jumla ya kila hati napata 209,040,000, kwa hiyo bei mpya inakuwa 1,389,040,000. Mkandarasi anasema ni 1,094,000,000. Hati ya malipo ya mwisho bado inasema 1,180,000,000. Nani yuko sahihi? Nimeambatanisha skani za hati zote na muhtasari wa BOQ.*

Marahaba mwanangu. Katika hizo tatu hakuna iliyo sahihi. Iliyokaribia zaidi ni ile ya hati ya malipo, tena kwa bahati tu, maana aliyeiandika hakuzigusa hati za mabadiliko kabisa. Kwa karatasi ulizonitumia, bei ya mkataba iliyorekebishwa ni 999,600,000 kabla ya VAT, sawa na 1,179,528,000 ukiongeza asilimia 18. Ndiyo, imeshuka kidogo chini ya bei ya awali, ingawa mkononi una hati tano zilizoidhinishwa na nne kati ya hizo zinaongeza kazi. Fungua faili tulipitie pamoja.

Usianze na hati za mabadiliko. Anza na ukurasa wa muhtasari wa BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei zake, kwa sababu pale ndipo utajua bei ya mkataba imejengwa na nini. Wako una mistari mitatu ya maana: kazi zilizopimwa 910,000,000, fungu la makisio la kuunganisha maji safi na majitaka 40,000,000, na fungu la tahadhari 50,000,000. Jumla ni bilioni moja kamili, kisha VAT 180,000,000. Iandike hiyo bilioni moja juu kabisa ya karatasi yako, na kuanzia hapo usishughulike tena na VAT mpaka mstari wa mwisho. Wewe ulichukua 1,180,000,000 yenye kodi ukaiongezea hati ambazo sita kati ya saba hazina kodi. Hapo peke yake hesabu ilishaharibika kabla hata hujafika VO 01.

Sasa hati zenyewe. Umechukua ile namba kubwa iliyo chini ya kila hati. Wanaoanza karibu wote hufanya hivyo, kwa sababu hati inaonekana kama ankara. Hati ya mabadiliko si ankara. Ina pande mbili, kinachotolewa kwenye mkataba na kinachoingizwa, na unachokitafuta ni tofauti yake. Tazama VO 02, ya mabati. Ukurasa wa kwanza unaorodhesha mabati mapya ya rangi, kofia zake na misumari, na mwisho wake kuna 47,500,000 iliyokolezwa wino. Ukigeuza karatasi, ukurasa wa pili una kichwa kidogo kisemacho "Punguzo", na chini yake ni mabati ya kawaida yaliyokuwa kwenye BOQ, 36,000,000. Mabadiliko yenyewe ni 11,500,000. Ulisimama kwenye ukurasa wa kwanza.

VO 05 ina tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Ni ya kuondoa sakafu ya matofali ya nje, na jumla yake imeandikwa (14,200,000), ndani ya mabano. Mabano katika hesabu zetu ni alama ya kutoa. Wewe uliijumlisha, na kosa la namna hii huwa na uzito mara mbili: hukuacha tu kutoa milioni 14.2, uliongeza nyingine 14.2 juu yake, kwa hiyo umekosea kwa 28,400,000. Kama skani imepitishwa kwenye programu ya kusoma maandishi, mabano ndiyo ya kwanza kupotea, hasa pale mhuri ulipoyagusa. Ndiyo maana sipokei namba yoyote kutoka kwenye skani bila kusoma maelezo ya kazi yaliyo kando yake. Neno "ondoa" au "futa" halipotei kirahisi kama mabano.

VO 03 na VO 03 Rev 1 zinahitaji utulivu zaidi, kwa sababu neno "marekebisho" lina maana mbili, na aliyeandaa hati mara nyingi hasemi amekusudia ipi. Inaweza kuwa hati mpya inayoifuta ya zamani, au nyongeza inayosimama juu ya ya zamani. Hutajua kwa kuangalia jumla. Soma mistari. VO 03 ya kwanza inabadilisha madirisha 40 kutoka ya chuma kwenda ya alumini, kwa nyongeza ya 550,000 kila dirisha baada ya kutoa bei ya chuma: 22,000,000. Rev 1 inarudia mistari ileile, bei ileile ya 550,000, ila idadi imekuwa 32, na jumla 17,600,000. Mistari ileile ikirudiwa kwa idadi mpya, hati mpya inaifuta ya zamani. Kama Rev 1 ingekuwa na mistari mipya tu, tuseme vyandarua vya madirisha ambavyo havikuwepo mwanzo, hapo ningeziweka zote mbili. Kwako, 22,000,000 inatoka kabisa, inabaki 17,600,000. Usiifute kwenye daftari lako, lakini. Iache kwenye mstari wake, hali yake uandike IMEFUTWA, maana mkaguzi akija ataikuta kwenye faili na atauliza imekwenda wapi.

VO 04 ndiyo iliyomkosesha mkandarasi, na nadhani hata aliyeiandaa hakujua anachofanya. Ni kazi ya kuunganisha maji na majitaka, 46,300,000. Kila mstari ndani yake uko sawa. Tatizo ni kwamba kazi hiyo tayari ilikuwa na fedha kwenye mkataba, lile fungu la makisio la 40,000,000. Fungu la makisio huwekwa pale kazi inapojulikana kuwa itakuwepo lakini undani wake haujachorwa. Undani ukishapatikana, fungu lote hutolewa, kisha thamani halisi huingizwa. VO 04 imeingiza bila kutoa. Kwenye ukurasa wake wa kwanza kuna rejea, "BOQ uk. 7/C", na ukienda ukurasa wa saba, kipengele C ndicho hilo fungu. Rejea hiyo ndogo ina thamani ya milioni arobaini. Tofauti halisi ni 6,300,000 tu.

VO 01 ni nyongeza safi, msingi kuchimbwa zaidi kwa sababu udongo mgumu haukupatikana pale ulipotarajiwa. Hata hivyo nimeipitia mstari kwa mstari, na ningependa nawe uifanyie hivyo, kwa kuwa ni fupi. Uchimbaji mita za ujazo 400 kwa 14,000 ni 5,600,000. Zege mita za ujazo 60 kwa 310,000 ni 18,600,000. Nondo kilo 1,200 kwa 3,500 ni 4,200,000. Jumla 28,400,000, inakubaliana. Zidisha mwenyewe kila mstari, usiamini safu ya mwisho. Skani ikigeuza 60 kuwa 80, kuzidisha ndiko kutakakokuambia. Kisha linganisha bei na BOQ. Zege na nondo zimetumia bei za mkataba, kama inavyotakiwa kwa kazi inayofanana na iliyopo. Uchimbaji haukutumia: BOQ ina 9,000 kwa kina kisichozidi mita 1.5, na hapa ni 14,000. Hilo halikunishtua, kwa sababu kuchimba chini zaidi kunahitaji kuegemeza kuta za shimo na kurusha udongo mara mbili, kwa hiyo si kazi ileile. Ila pale penye bei mpya lazima pawe na mchanganuo wake. Umo kwenye faili, karatasi ya nne, na umesainiwa.

Kuna swali moja la VO 01 ambalo watu hulisahau. Je, kurasa za msingi kwenye BOQ zimeandikwa kuwa vipimo vyake ni vya muda, vitapimwa upya baada ya kazi? Mara nyingi huandikwa hivyo, kwa sababu hakuna anayejua udongo mpaka uchimbwe. Kama zimeandikwa hivyo, kina kilichoongezeka kitaingia kwenye hesabu ya mwisho kupitia upimaji upya, na ukiwa na VO 01 pia, utalipa zege lilelile mara mbili. Nimeangalia BOQ yako, haina maneno hayo. Basi VO 01 inabaki. Kwenye mradi mwingine lisake neno hilo kwanza.

Imebaki VO 06, ukuta wa uzio, 33,040,000. Kwanza, namba hii ina VAT ndani. Haijaandikwa popote, ila igawe kwa 1.18 upate 28,000,000 kamili, kisha jumlisha mistari yake, nayo inatoa 28,000,000. Namba inayokuwa ya duara baada ya kugawanywa kwa 1.18 ni dalili nzuri, ingawa dalili peke yake haitoshi. Jumla ya mistari ndiyo ushahidi. Pili, na hili ndilo kubwa, hati hii ina saini moja, ya mkandarasi. Nafasi ya mbunifu majengo iko wazi, nafasi ya mshitiri, yaani mwenye mradi, iko wazi. Kilichopo ni muhtasari wa kikao cha saiti unaosema "mshitiri amekubali kimsingi". Kukubali kimsingi si idhini. Mradi ukiwa wa fedha za umma hapa kwetu, mabadiliko yana njia yake ya kuidhinishwa ndani ya taasisi nunuzi, bodi ya zabuni ikiwemo, na kikao cha saiti hakina mamlaka hayo hata kama mkuu wa taasisi alikuwa amekaa pale akinywa chai.

Lakini usiitupe. Tafuta kwenye faili la barua kama mkandarasi alithibitisha kwa maandishi maelekezo aliyopewa kwa mdomo. Mikataba mingi ina kifungu cha jambo hilo. Kitabu chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999, ambacho ni mkataba sanifu wa kimataifa wa kazi za ujenzi, kwa mfano, kinasema mkandarasi akithibitisha maelekezo ya mdomo ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi asijibu kwa kuyakataa au kutoa maelekezo mengine ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuupokea uthibitisho huo, basi barua ile inahesabiwa kuwa maelekezo ya maandishi. Wako si mkataba wa FIDIC, kwa hiyo soma kifungu chenu chenyewe cha maelekezo. Barua ya aina hiyo ikipatikana, VO 06 haigeuki kuwa fedha zilizoidhinishwa, ila mshitiri anatakiwa ajue kuwa deni linakuja.

Sasa ziweke kwenye Ekseli, mstari mmoja kwa kila hati, hata iliyofutwa. Safu ninazotumia mimi: A namba ya hati, B marekebisho, C tarehe, D punguzo, E nyongeza, F tofauti, G hali, H bei kabla ya hati, I bei baada ya hati. Punguzo ninaliandika bila alama ya kutoa, ili mtu asije akatoa mara mbili. Safu ya F ni E kutoa D. VO 04 inaingia D ikiwa na 40,000,000 na E ikiwa na 46,300,000, na hapo mtu yeyote ataona fungu la makisio limetolewa. Jumla ya zilizoidhinishwa, ukiiandika nje ya safu za F na G, inapatikana hivi:

```
=SUMIFS(F:F,G:G,"IMEIDHINISHWA")
```

Kwako itatoa 49,600,000: yaani 28.4, na 11.5, na 17.6, na 6.3, kisha toa 14.2, zote kwa milioni. Linganisha na ile 209,040,000 yako uone safari tuliyokwenda.

Safu za H na I ni za ukaguzi. Hati zenu, kama nyingi, zina mistari mitatu chini: bei ya mkataba kabla ya hati hii, thamani ya hati hii, bei mpya ya mkataba. Inakili kama ilivyoandikwa, hata ukijua imekosewa, kisha iulize kila H kama inalingana na I ya mstari ulio juu yake:

```
=IF(H3=I2,"SAWA","ANGALIA")
```

Hapa ndipo utakapomwelewa mkandarasi. Panga kwa tarehe, si kwa namba. VO 01 inaanza na bilioni moja na kuishia 1,028,400,000. VO 02 inafikisha 1,039,900,000. VO 03 ya kwanza inaongeza 22,000,000, ikawa 1,061,900,000. VO 04 inaongeza 46,300,000 nzima, ikawa 1,108,200,000. VO 05 inatoa 14,200,000, ikabaki 1,094,000,000. Ndiyo namba yake. Hakuitunga, ameinakili kutoka kwenye hati ya mwisho yenye ile mistari mitatu iliyoidhinishwa na kusainiwa na pande zote. Rev 1 ilitoka baada ya VO 05 na haikuandikwa ile mistari mitatu ya chini, kwa hiyo mnyororo haukusahihishwa.

Angalia pia kwamba fomula yenyewe itasema SAWA mstari kwa mstari mpaka VO 05, na ANGALIA ya kwanza itatokea kwenye Rev 1. Mnyororo unaweza kuungana vizuri huku ukibeba kosa ndani yake. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi, niliichukua bei mpya kwenye hati ya mwisho ya mradi mmoja wa zahanati nikaiweka kwenye hati ya malipo bila kurudi nyuma. Fungu la makisio lilikuwa limebaki humo kama hapa kwako. Tulikuja kuligundua wakati wa hesabu ya mwisho, mkandarasi ameshalipwa, na kumdai mtu arudishe fedha alizokwisha nunulia saruji ya mradi mwingine ni kazi nisiyomtakia mtu.

Jaribio linalonithibitishia kuwa nimemaliza ni kuieleza tofauti yote mpaka shilingi ya mwisho. Bilioni moja na 49,600,000 ni 1,049,600,000. Ya mkandarasi ni 1,094,000,000. Tofauti ni 44,400,000. Fungu la makisio ambalo halikutolewa ni 40,000,000, na madirisha manane yaliyopunguzwa na Rev 1 ni 4,400,000. Imeisha. Kama ingebaki hata laki moja isiyo na maelezo, ningerudi kwenye hati.

Umeona kwamba nimesema 1,049,600,000 hapo, na mwanzoni nikakuambia 999,600,000. Kilicho katikati ni fungu la tahadhari. Zile 50,000,000 ni za mshitiri, zimo ndani ya bei ya mkataba kwa ajili ya mambo kama haya, na mkandarasi hana haki nazo mpaka zielekezwe kutumika. Ukiongeza mabadiliko juu ya bei bila kulitoa fungu hili, umeitengea kazi ileile fedha mara mbili. Kwa hiyo toa 50,000,000, weka 49,600,000, unapata 999,600,000. Kuna wakadiriaji wanaopenda kuliacha salio la tahadhari ndani ya bei mpaka mwisho wa mradi. Kwa njia hiyo utaandika mabadiliko 49,600,000, salio la tahadhari 400,000, bei inabaki bilioni moja. Hii ndiyo sababu hati ya malipo inayosema 1,180,000,000 ilikaribia. Sina ugomvi na njia hiyo, mradi salio liandikwe kwenye mstari wake. Ninayoikataa ni ile ya kuandika bei moja tu bila kusema tahadhari imo au haimo.

Kwa mshitiri, andika namba mbili na si moja. Ya kwanza ni 999,600,000, iliyoidhinishwa. Ya pili ni makadirio ikiwa VO 06 itapitishwa kama ilivyo: 1,027,600,000, au 1,212,568,000 pamoja na VAT. Hiyo inavuka bei ya awali kwa 27,600,000 kabla ya kodi, na salio la tahadhari la 400,000 haliwezi kuubeba ukuta wa milioni 28. Ajue leo, kabla mafundi hawajachimba msingi wa uzio. Na kama picha za saiti zinaonyesha tayari wamechimba, niandikie tena, kwa sababu hapo swali linakuwa jingine.

Kwa mkandarasi, usimwandikie kwamba amekosea, maana hati aliyoinukuu imesainiwa na upande wenu pia. Mpelekee daftari lote la mistari saba pamoja na nakala ya ukurasa wa 7 wa BOQ wenye kipengele C, na maelezo mafupi ya ile 44,400,000, kisha muombe mbunifu majengo atoe hati fupi ya kusahihisha, inayotoa fungu la makisio na kuandika upya mistari mitatu ya bei. Mpaka hati hiyo isainiwe, karatasi ya mwisho iliyosainiwa yenye bei ya mkataba kwenye faili bado itakuwa inasema 1,094,000,000, na atakayelifungua baada yako ataamini hiyo.